Hoja Inayobishika

Mwaka 2016 wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubaliana kuachana na mitumba hatua kwa hatua ndani ya miaka mitatu. Rwanda ikapandisha ushuru kutoka senti 20 za dola kwa kilo hadi dola 2.50. Wafanyabiashara wa nguo hizo walioko Marekani wakalalamika kwa serikali yao. Kenya, Tanzania na Uganda zikarudi nyuma, na Julai 2018 Marekani ikaiondolea Rwanda nafasi ya kuuza nguo huko bila ushuru chini ya mpango wa AGOA.

Tuseme wewe umefanya kazi miaka mingi katika kiwanda cha nguo, na sasa unataka kuandika makala ya maoni ya maneno 700 ambayo waziri, mwenye kiwanda na muuza mitumba wote watayasoma hadi mwisho. Unaanzia wapi?

Wengi huanza na sentensi kama “Mitumba ina faida na hasara zake.” Hapo hakuna hoja, kwa sababu hakuna wa kubisha. Wengine huandika “Mitumba ni aibu kwa taifa,” ambayo ni hasira tu. Haimwambii waziri afanye nini Jumatatu asubuhi. Jaribu hii: “Ushuru wa mitumba upande kidogo kidogo kwa miaka mitano, ukianza na fulana na mashuka, ambavyo viwanda vyetu tayari vinatengeneza.” Ipime kwa kuigeuza: ushuru usipande. Je, mtu mwenye akili timamu anaweza kusimama na kuitetea kauli hiyo? Anaweza, tena vizuri. Basi hoja unayo.

Sasa mpinzani. Rasimu nyingi humleta hivi: “Wapo wanaodai eti mitumba inawasaidia maskini, kana kwamba maskini hastahili nguo mpya.” Hiyo “eti” imeshamhukumu kabla hajafungua mdomo, na nusu ya pili inajibu jambo ambalo hakulisema. Msomaji anayenunua nguo Karume au Gikomba ataliweka gazeti pembeni hapo hapo, na atakuwa na haki.

Ianze upya aya hiyo ukiwa umesimama upande wake: “Mama mwenye watoto watatu hachagui mitumba kwa kupenda vya nje. Anachagua kwa sababu hela aliyonayo inatosha nguo ngumu itakayodumu, au mpya itakayochanika baada ya kufuliwa mara chache. Muuzaji aliyefungua belo, mbeba mzigo na fundi cherehani anayepunguza kiuno wote wanakula hapo hapo. Ushuru ukipanda leo, hao ndio watakaoumia kwanza.” Kisha mpe muuza mitumba aisome. Akisema, “Ndiyo maneno yangu hayo,” umemtendea haki. Akianza kukusahihisha, sikiliza, kisha rekebisha.

Mama huyo hata hivyo si mpinzani mgumu kuliko wote. Mgumu ni mchumi atakayekwambia kwamba viwanda vyetu havikuangushwa na mitumba peke yake; umeme wa kusuasua na mashine chakavu vimo, na biashara ilipofunguliwa viwanda vilikutana na ushindani ambao havikuuzoea. Zuia mitumba, atasema, na pengo litajazwa na nguo mpya za bei ya chini kutoka Asia, si za kwako.

Pingamizi hili linaigusa hoja yenyewe. Unaweza kulificha, lakini mchumi huyo atakujibu wiki ijayo kwenye ukurasa uleule. Mimi ningeibadili hoja: ushuru upande kidogo kidogo, sambamba na ukaguzi mkali wa nguo mpya zinazoingizwa kwa kutangaza thamani pungufu. Sentensi imerefuka na imepoteza makali kidogo, ila sasa inasimama. Ningelileta pingamizi hilo mapema, mara baada ya hoja na ushahidi wake wa kwanza. Likisubiri aya ya mwisho kabla ya hitimisho, linaonekana limechomekwa kwa adabu tu.

Kumtendea haki mpinzani hakumaanishi kumgawia nusu ya makala. Robo yatosha, kisha unarudi kwenye msimamo wako na kueleza kwa nini bado unaushikilia. Makala inayotoa “upande mmoja” na “upande mwingine” hadi mwisho ni ripoti, na mhariri wa maoni ataikataa.

Lipo pia lisilojibika. Yaliyoipata Rwanda kuhusu AGOA yanaweza kuipata nchi nyingine, na hakuna aya inayoweza kuiondoa hatari hiyo. Iandike waziwazi, useme ni hasara kiasi gani uko tayari nchi iibebe, na kwa nini.

Na kama una hisa katika kiwanda cha fulana, taja katika aya mbili za mwanzo. Msomaji akiligundua mwenyewe baadaye, ataanza kuisoma upya ile aya ya mama mwenye watoto watatu kwa jicho jingine.