Safari ya Mafuta Ndani ya Damu

Tazama mchuzi wa nyama uliopoa: mafuta yameganda juu, maji yako chini. Damu nayo ni majimaji, kwa hiyo kolesteroli haisafiri humo peke yake. Ini huifunga pamoja na mafuta ndani ya vifurushi vyenye protini. Vikishashusha mafuta kwenye misuli, vingine hubaki LDL, vimejaa kolesteroli. Seli huchukua inayoihitaji, na sehemu kubwa ya LDL hunaswa tena na vipokezi vya ini.

Michael Brown na Joseph Goldstein, waliopata Tuzo ya Nobeli mwaka 1985, waligundua vipokezi hivyo kwa kuchunguza watoto waliorithi kasoro kwa wazazi wote wawili. Vinundu vya manjano huwatokea watoto hao viwikoni na magotini. LDL isiyoondolewa hujipenyeza kwenye kuta za mishipa, na moyo huweza kushambuliwa kabla ya miaka 20.

HDL huokota kolesteroli iliyozidi na kuirudisha kwenye ini. Huitwa “nzuri”, jina ambalo naona linapotosha: dawa kadhaa zilipandisha HDL bila kuzuia mshtuko wa moyo, ilhali kushusha LDL huuzuia.