Shabu, Maji ya Mvua na Kidole Tumbo

Wiki ile ya masika pampu ya kisima cha hospitali iliharibika, nasi wa maabara tukaanza kuchota maji kwenye tangi la mvua. Kusema kweli tulifurahi. Maji ya kisima yalikuwa ya chumvichumvi, yakiacha ukoko mweupe kwenye kila chombo, na haya ya mvua yalikuwa laini, povu la sabuni likiumuka mara moja. Kesho yake slaidi zote zikatoka na kasoro ileile: viini vya seli, ambavyo hutakiwa kuwa vya bluu iliyokolea, vilikuwa na wekundu wa juisi ya rozela. Mojawapo ilikuwa ya kidole tumbo cha kijana aliyepasuliwa siku chache kabla.

Kidole tumbo chenyewe kilikuwa kimetunzwa vizuri. Kilifika kwenye kopo la mdomo mpana, kikielea ndani ya fomalini ya asilimia 10. Fomalini hufunga protini za seli zishikane pale zilipo, kwa hiyo nyama haiozi wala umbo la seli halibadiliki sana. Lakini hupenya polepole, kama milimita 1 kwa saa mwanzoni, ndiyo maana tunaitaka iwe nyingi, angalau mara 10 ya ujazo wa nyama, na tunakata vipande visivyozidi unene wa milimita 4. Nyama kubwa ikisokomezwa kwenye kichupa kidogo, nje huiva na ndani huoza. Viini vya huko ndani hufifia, na hakuna rangi itakayovirudisha.

Baada ya hapo nyama inatakiwa ikatwe nyembamba kiasi cha mwanga kupita. Kwa kuwa imejaa maji haikatiki hivyo, basi maji hutolewa na mahali pake huingizwa nta. Nta na maji havichangamani, kwa hiyo tunazunguka: kipande hupitishwa kwenye alkoholi hafifu, kisha kali zaidi, mpaka alkoholi tupu, halafu zailini, ambayo huelewana na alkoholi na nta pia, mwisho nta iliyoyeyushwa kwenye joto la karibu nyuzi 60. Mashine huifanya kazi hiyo usiku kucha. Asubuhi nyama iko ndani ya kipande kigumu cha nta, unaifunga kwenye mikrotomu na kukata kwa unene wa mikromita 4. Milimita 1 ingetoa vipande 250 vya namna hiyo. Vinatoka vimeshikana ncha kwa ncha kama utepe, unavieleza juu ya maji ya vuguvugu ili mikunjo ijinyooshe, kisha unavidaka kwa slaidi iliyoandikwa jina kwa penseli, maana wino wa kalamu ungeyeyuka kwenye alkoholi. Mpaka leo hubana pumzi wakati wa kudaka. Feni ikigeuka upande wako tu, umeukosa.

Ukikitazama kipande hicho kwenye hadubini kabla ya rangi, utaona kivuli tu. Nta huyeyushwa kwa zailini, alkoholi hufuata, kisha maji, na slaidi huzamishwa kwenye rangi ya kwanza, hematoksilini. Hii hutoka kwenye moyo wa mti unaoota Meksiko na nchi jirani za Amerika ya Kati, mti ambao Wazungu waliutumia kutia rangi nguo muda mrefu kabla ya kuufikisha kwenye maabara. Ajabu yake ni kwamba peke yake haishiki karibu kitu. Kwanza lazima ikutane na hewa, au kemikali ya kuiozesha, ndipo igeuke rangi yenyewe. Pili lazima ichanganywe na shabu, ileile ya dukani. Aluminiamu iliyomo kwenye shabu hujifunga kwenye rangi, na mchanganyiko huo unakuwa na chaji chanya.

Sasa kiini cha seli kimejaa DNA, na uti wa DNA umepangwa fosfati zenye chaji hasi toka mwanzo hadi mwisho. Chanya na hasi huvutana. Rangi hukimbilia kwenye kiini na kung'ang'ania hapo, na baada ya dakika chache kila kiini kimenywa. Ziada iliyojipaka kwengine tunaiondoa kwa kuichovya slaidi kwenye alkoholi yenye asidi kidogo, sekunde chache tu. Ukipitiwa, asidi itavua rangi hata kwenye viini.

Hapo ndipo maji yanapoingia. Hematoksilini yenye shabu ikiwa kwenye uasidi ni nyekundu ya zambarau na huyeyuka kwa urahisi. Ikikutana na maji yenye magadi kidogo hugeuka bluu na kuganda pale ilipo. Kwa kawaida tunaiosha slaidi kwa maji ya bomba dakika kadhaa na bluu inajitokeza yenyewe, bila mtu kujiuliza kwa nini. Kisima chetu kilikuwa kinatufanyia kazi hiyo kimyakimya kwa chumvi zake. Maji ya mvua hayana chumvi hizo, na yana uasidi kidogo.

Fundi mkuu wetu, mama mmoja asiyependa maneno mengi, aliziinua slaidi dirishani.

"Mwanangu, maji haya mmechota wapi?"

"Tangini, mama."

Akachukua baikaboneti ya sodiamu, akapima gramu 3.5, akaongeza gramu 20 za salfeti ya magnesiamu kwenye lita moja ya maji, akakoroga. Nilichovya slaidi ya kijana. Wekundu ukaondoka mbele ya macho yangu, kabla sijahesabu ishirini.

Nikadhani tumemaliza, nikaiingiza moja kwa moja kwenye eosini, rangi ya pili. Ikatoka na waridi uliopauka. Kosa safari hii lilikuwa langu. Eosini ina chaji hasi, kwa hiyo hushika mahali penye chaji chanya, na hizo ziko kwenye protini: nyuzi za misuli, ute wa saitoplazimu, chembe nyekundu za damu. Lakini protini huwa na chaji chanya za kutosha pale tu mazingira yanapokuwa na uasidi kidogo, ndiyo maana wengi hudondoshea asidi ya asetiki kwenye eosini. Mimi nilikuwa nimeibeba ile baikaboneti kwenye slaidi na kuuzima uasidi huo. Nilirudia na slaidi nyingine, safari hii nikaisuuza vizuri kabla ya eosini. Kisha alkoholi, zailini, tone la gundi na kioo chembamba juu.

Watu husema kiini bluu, saitoplazimu waridi, na mara nyingi ni kweli. Lakini rangi hizi hazijui majina, zinajua chaji. Ipo seli inayotengeneza kingamwili, na saitoplazimu yake huelekea zambarau kwa sababu imejaa RNA, ambayo nayo ina fosfati. Chembe nyekundu ya damu haina kiini kabisa, basi ni waridi mtupu. Na ipo chembe nyeupe yenye punje za protini inayoipenda eosini mno hadi zinang'aa rangi ya chungwa. Paul Ehrlich aliipa jina la rangi hiyo mwaka 1879, na Waswahili wa maabara tunaiita eosinofili.

Kwenye kidole tumbo cha yule kijana misuli ilikuwa mikanda ya waridi, viini vyake vyembamba vikilala kufuata nyuzi. Katikati ya nyuzi, mahali ambapo hapakupaswa kuwa na kitu, palitapakaa vidoto vya bluu, kila kimoja kimegawanyika vipande vitatu au vinne vilivyounganishwa kwa uzi. Hizo ni neutrofili, chembe za damu zinazokimbilia penye usaha. Siku iliyotangulia, kwenye slaidi nyekundu, nilikuwa nimeziona nikadhani ni vumbi la rangi. Daktari wa patholojia alizitazama mara moja, akaandika kwamba kidole tumbo kilikuwa na uvimbe mkali uliofika kwenye misuli, akanirudishia trei.