Marejesho ya VAT Yaliyochelewa: Barua ya Mkaushaji wa Maembe

Mfanyabiashara anayeuza bidhaa nje ya Tanzania yuko katika hali ya pekee mbele ya kodi ya ongezeko la thamani, ile ambayo wengi huiita VAT tu. Anapouza, mteja wake wa ng'ambo hatozwi hata shilingi moja ya kodi hiyo, kwa sababu mauzo ya nje yanatozwa kwa kiwango cha sifuri. Lakini anaponunua maboksi, anapolipia umeme au pango la ghala, analipa asilimia 18. Kodi inaingia kila mwezi upande wa manunuzi, na upande wa mauzo hapana pa kuitolea. Isiporudishwa, inageuka gharama, ilhali sheria haikukusudia awe yeye wa kuibeba.

Kwa muuzaji mkubwa kiasi hicho kinaweza kukaa kwenye vitabu kwa muda bila biashara kusimama. Kwa mdogo, milioni sita au saba ndiyo fedha ya kununulia maembe ya msimu unaokuja. Ndiyo maana marejesho yanapochelewa huandika barua, na mara nyingi huiandika vibaya: kurasa mbili za kueleza hali ngumu, mikopo ya benki na mishahara ya wafanyakazi, kisha mstari mmoja wa kuomba fedha. Ofisa anayeisoma anamwonea huruma, lakini hana cha kufanyia kazi. Hawezi kuidhinisha malipo kwa sababu mwombaji ana shida. Anaidhinisha hesabu inayokubaliana na risiti, ritani na nyaraka za forodha.

Tuchukue mfano wa kubuni wa kampuni ndogo ya Morogoro inayokausha maembe na mananasi na kuyasafirisha kupitia bandari ya Dar es Salaam. Imesajiliwa kwa VAT, na hutuma ritani zake kabla ya tarehe 20 ya mwezi unaofuata, kama inavyotakiwa. Kati ya Januari na Machi 2025 iliuza nje mizigo miwili, mmoja wa dola 18,000 na mwingine wa dola 20,400. Kwa kiwango cha shilingi 2,500 kwa dola, jumla ni shilingi 96,000,000. Iliuza pia matunda ya shilingi 9,000,000 kwa maduka ya hapa nchini, na hayo yakatozwa VAT ya shilingi 1,620,000.

Upande wa manunuzi ndiko makosa huanzia. Gharama kubwa ya kampuni hii ni matunda yenyewe, shilingi 28,000,000, lakini mazao ambayo hayajasindikwa yamesamehewa VAT. Mkulima hakutoza kodi, basi hakuna cha kurudishiwa. Dizeli ya gari la kubebea matunda ni vivyo hivyo, kwani mafuta hayo nayo yamesamehewa. Kuna wanaochukua matumizi yote ya robo mwaka, wakayazidisha kwa asilimia 18 na kudai jumla inayotoka. Dai la namna hiyo huanguka mapema, na linaacha shaka hata kwa sehemu iliyokuwa halali.

Kwa hiyo hesabu inayoambatishwa ihesabu tu manunuzi ambayo kodi ililipwa kweli na risiti ya EFD ipo:

Vifungashio: 31,000,000; VAT 5,580,000
Umeme: 7,500,000, VAT 1,350,000
Pango la ghala: 6,000,000; VAT 1,080,000
Vipuri vya mashine za kukaushia: 4,500,000, VAT 810,000
Jumla: 49,000,000, VAT 8,820,000

Ukitoa kodi ya mauzo ya ndani, 1,620,000, inabaki ziada ya shilingi 7,200,000. Hicho ndicho kiasi kilichoonekana kwenye ritani za miezi hiyo mitatu na kwenye maombi ya marejesho.

Kabla ya kuandika barua, mhasibu wa kampuni alizipitia tena risiti moja moja. Moja ya vifungashio, yenye VAT ya shilingi 720,000, ilitolewa bila namba ya utambulisho wa mnunuzi. Vifungashio vilifika, fedha ililipwa, lakini karatasi yenyewe haionyeshi kwamba mnunuzi ni kampuni hii. Angeweza kuiacha ndani akitumaini haitaonekana. Badala yake aliitoa, akaeleza kwamba muuzaji ameombwa kurekebisha, na dai likashuka hadi shilingi 6,480,000. Wapo watakaomwona amejipunguzia haki yake. Alichofanya ni kuuondoa mgogoro wa 720,000 ili usizishike 6,480,000 ambazo hazina mgogoro. Madai mengi madogo hukwama hivyo: karatasi moja yenye kasoro inalifanya faili zima lisubiri maelezo.

Tatizo la pili ni gumu kidogo kulitambua. Ofisa anapolinganisha mauzo ya nje yaliyo kwenye ritani na thamani iliyo kwenye matamko ya forodha, mara nyingi namba hazilingani, na dai linawekwa kando likisubiri uhakiki. Chanzo huwa kiwango cha fedha. Kampuni iligeuza dola kwa 2,500, kiwango cha benki yake. Tuseme forodha ilitumia 2,520. Dola zile zile 38,400 zinakuwa shilingi 96,768,000, na tofauti ya 768,000 inaonekana kama mauzo yaliyofichwa. Kodi haibadiliki hata kidogo, kwa kuwa asilimia sifuri ya kiasi chochote ni sifuri. Hata hivyo tofauti isiyoelezwa inatosha kulisimamisha faili. Dawa yake ni jedwali dogo linaloonyesha kila mzigo kwa dola, namba ya tamko la forodha, tarehe, kiwango kilichotumika kila upande, na mwisho tofauti pamoja na sababu yake. Vivyo hivyo kwa mzigo ulioandikiwa ankara mwisho wa Machi na meli ikaondoka Aprili: mwezi wa ritani na mwezi wa forodha utatofautiana, na ni heri kampuni iseme yenyewe kabla ya kuulizwa.

Swali lingine ambalo barua lazima ilijibu ni kwa nini kampuni haikutakiwa kusubiri. Kwa kawaida, ziada ya kodi ya manunuzi haidaiwi papo hapo. Huhamishiwa miezi inayofuata ili ipunguze kodi ya mauzo ya miezi hiyo, na kusubiri huko huchukua miezi sita. Ambaye sehemu kubwa ya mauzo yake ni ya kiwango cha sifuri hana kodi ya mauzo ya kutosha kuimaliza ziada hiyo, hivyo sheria inamruhusu kuomba bila kusubiri. Mkaushaji wetu aliuza nje 96,000,000 kati ya 105,000,000, zaidi ya asilimia 91. Mstari mmoja wa barua unatosha kulisema hilo.

Sasa muda. Sheria ya Kodi ya Ongezeko la Thamani ya 2014, ilivyotungwa, ilimpa Kamishna Mkuu siku 90 kufanya uamuzi juu ya maombi ya marejesho. Anayeandika barua hana budi kuangalia toleo la sheria linalotumika siku anayoandika, kwa sababu Sheria ya Fedha hubadilisha vifungu karibu kila Julai. Katika mfano huu maombi yalipokelewa 22 Aprili 2025, na siku ya 90 ilikuwa 21 Julai. Barua ni ya 11 Agosti, wiki tatu baadaye, na inasomeka hivi:

"YAH: MAOMBI YA KUTOLEWA KWA MAREJESHO YA VAT, JANUARI HADI MACHI 2025

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Kampuni yetu iliwasilisha maombi ya marejesho ya shilingi 7,200,000, yakapokelewa tarehe 22 Aprili 2025. Siku 90 zilitimia tarehe 21 Julai 2025, na hadi leo hatujapata uamuzi wala barua ya kuomba maelezo zaidi.

Baada ya kuzipitia nyaraka zetu, tumeondoa risiti moja yenye VAT ya shilingi 720,000 kwa kuwa haina namba yetu ya utambulisho. Tunaomba zitolewe shilingi 6,480,000 zilizobaki, kama inavyoonyeshwa kwenye hesabu tuliyoambatisha (Kiambatisho A). Ulinganisho wa mauzo ya nje na matamko ya forodha uko Kiambatisho B.

Iwapo kuna nyaraka inayokosekana, tunaomba itajwe kwa maandishi ili tuilete ndani ya siku saba. Iwapo kampuni inadaiwa kodi nyingine yoyote, tunaridhia deni hilo likatwe kwenye marejesho haya na salio lilipwe.

Wako mtiifu,"

Hakuna lawama ndani yake, na kila ombi linaweza kujibiwa kwa ndiyo, hapana, au leteni karatasi fulani. Sentensi ya mwisho ina uzito kuliko inavyoonekana. Mamlaka ina uwezo wa kukata deni la kodi nyingine kwenye marejesho, na deni dogo la kodi ya mishahara lisilojulikana na mhasibu huweza kuwa ndilo lililoshika malipo yote. Kuridhia mapema kunaliondoa jambo hilo njiani.

Nyuma ya barua vinafuata viambatisho A na B, kisha nakala za risiti zikiwa zimepangwa kwa namba zile zile za mistari ya hesabu, matamko ya forodha, hati za shehena, na taarifa ya benki inayoonyesha dola zikiingia. Hiyo ya mwisho watu huisahau. Ukaguzi wa marejesho umekuwa mkali kwa sababu wapo waliowahi kudai fedha kwa risiti feki na kwa mizigo ambayo haikuvuka mpaka. Malipo yaliyotoka kwa mnunuzi wa ng'ambo ni ushahidi ambao si rahisi kuughushi. Barua ipelekwe nakala mbili, moja irudi na muhuri wa mapokezi na tarehe, maana hatua zote zinazofuata huhesabiwa kutoka hapo.

Hatua hizo zinategemea jibu. Likija la kukataa, hata kwa sehemu, huo ni uamuzi wa kodi, na anayeupinga huwasilisha pingamizi kwa Kamishna Mkuu ndani ya siku 30. Asiporidhika bado ana Bodi ya Rufani za Kodi, na juu yake Baraza. Lakini jibu lisipokuja kabisa, shida inakuwa ya utendaji, na njia yake ni nyingine: kwanza meneja wa kodi wa mkoa, kisha Msuluhishi wa Malalamiko ya Kodi, ambaye ofisi yake iliwekwa na Sheria ya Fedha ya 2019. Msuluhishi hapangi kiasi cha kodi wala hatafsiri sheria. Anashughulikia huduma na taratibu, na faili lililokaa bila kujibiwa liko ndani ya kazi yake. Atakachotaka kuona kwanza ni nakala ile yenye muhuri pamoja na Kiambatisho A.