Neno Linalosubiri Hadi Sura ya 23

Waandishi wengi wanaoanza hudhani kwamba hadithi ya mapenzi yanayoiva polepole ni hadithi ya mapenzi yaliyocheleweshwa. Wanawakutanisha wahusika wawili katika sura ya kwanza, kisha wanawazuia wasiambiane neno kwa kurasa mia mbili: leo simu imeisha chaji, kesho amekuja mgeni, keshokutwa mvua imekata barabara. Msomaji hapati kiu hapo. Anachoka, kwa sababu anauona mkono wa mwandishi ukifunga milango. Kiu huja pale wahusika wanapopewa kitu kidogo cha kweli, na kitu hicho kikawaonyesha ukubwa wa kile walichokosa.

Riwaya inayonifundisha jambo hili kuliko nyingine yoyote ni Persuasion ya Jane Austen, Mwingereza aliyefariki Julai 1817. Kitabu kilitoka mwishoni mwa mwaka huohuo. Kina sura 24. Anne Elliot, mwenye miaka 27, aliwahi kuchumbiwa na ofisa kijana wa jeshi la majini, Frederick Wentworth. Lady Russell, mtu mzima aliyekuwa kwake mahali pa mama, alimshawishi avunje uchumba kwa kuwa kijana hakuwa na mali wala jamaa wenye vyeo. Miaka minane na ushei imepita. Wentworth amerudi akiwa kapteni mwenye fedha zake, anatafuta mke, na moyoni ameapa kwamba hatakuwa Anne.

Tazama kizuizi kilivyo. Hakuna anayewakataza. Wanaalikwa nyumba zilezile, wanakula meza moja. Kinachowatenga kimo ndani yao: Anne anajua alimuumiza, naye Wentworth bado ana kinyongo. Hapa ndipo pa kupimia rasimu yako. Kama wahusika wako wangekaa dakika tano wakaelezana na yote yakaisha, basi umejenga hadithi juu ya kutoelewana tu, na msomaji atabaki kujiuliza kwa nini watu wazima hawa hawazungumzi. Kizuizi chenye uzito ni kile ambacho hata kikisemwa kinabaki palepale.

Sasa fuata hatua zenyewe. Katika sura ya 7 wanaonana kwa muda mfupi sana, wanasalimiana kwa heshima za ugenini. Baadaye Anne anaambiwa kwamba Wentworth alisema amebadilika mno, asingemtambua. Katika sura ya 8 wanakaa kochi moja, lakini katikati yao kuna Bibi Musgrove, mama mnene anayemlilia mwanawe aliyefariki. Kufikia hapo msomaji ameona baridi tupu.

Halafu inakuja sura ya 9. Anne amepiga magoti akimuuguza mtoto wa dada yake. Mdogo wa mgonjwa, wa miaka miwili, anampanda mgongoni, anamng'ang'ania shingoni na hataki kushuka. Mwanamume mwingine aliyemo chumbani anamkemea mtoto bila kuinuka. Ghafla Anne anahisi uzito umeondoka. Mikono ile midogo imebanduliwa shingoni, na mtoto amekwisha kubebwa kabla hajajua ni nani aliyemwondolea. Ni Wentworth, na hakusema neno. Anne anashindwa hata kushukuru, na Wentworth naye anacheza na mtoto kwa kelele, kusudi asishukuriwe.

Ningependa kila mwandishi chipukizi aisome sura hii akiwa na kalamu mkononi. Mguso wenyewe haukuelezwa karibu chochote. Umekwisha kabla mhusika hajautambua, kwa hiyo hakupata nafasi ya kuufurahia. Kilichopewa nafasi ukurasani ni kero iliyotangulia na mtikisiko uliofuata. Sisi mara nyingi tunafanya kinyume: tunasimama kwenye mguso na kuupamba kwa moyo unaodunda na mwili unaosisimka, hadi msomaji anashiba palepale. Ukishamshibisha, huna tena cha kumtamanisha.

Sura inayofuata hairudii tukio hilo. Baada ya matembezi marefu, Wentworth anatambua kwamba Anne amechoka, anamwambia dada yake jambo, kisha anampandisha Anne kwenye gari la farasi la dada huyo na mumewe. Mara ya kwanza alitenda kwa haraka. Safari hii amemwangalia, amefikiri, ameamua. Anne anaelewa kwamba mtu huyu hawezi kumsamehe, na hapohapo hawezi kumwona akiteseka. Kila tukio limempa yeye, na sisi, habari ambayo haikuwapo. Fanya hivyo na rasimu yako: pembeni ya kila tukio andika mhusika amejua nini ambacho hakukijua. Ukikuta matukio mawili yana jibu moja, futa moja.

Tuseme unaandika habari za Zuhura na Bakari wa Tanga. Posa ya Bakari ilirudishwa miaka sita iliyopita, na Zuhura mwenyewe ndiye aliyemwambia shangazi yake airudishe. Sasa wamekutana kwenye shughuli za harusi ya ndugu, wanawake ndani, wanaume barazani. Zuhura anatoka na sinia zito la pilau. Bakari analipokea mlangoni na kugeuka bila kumtazama. Hilo latosha kwa sura nzima. Tukio linalofuata lisiwe sinia jingine. Labda Zuhura anasikia kupitia dirishani Bakari akimkatiza mtu aliyeanza kumsengenya yeye, na kwa sauti kali kuliko jambo lilivyostahili. Sasa Zuhura ana kitu cha kumkosesha usingizi, na Bakari hajui kwamba amesikika.

Austen ana ujasiri mwingine ambao wengi wetu hatuna. Kuanzia sura ya 13 hadi ya 18, karibu robo ya kitabu, anamwondoa Wentworth kabisa. Kiu haipoi, kwa sababu habari zake zinaendelea kufika, na hali inageuka: msichana aliyedhaniwa atamwoa anachumbiwa na mwingine, huku Anne akianza kufuatwa na binamu yake. Wentworth anapotokea dukani mjini Bath katika sura ya 19, ni yeye anayeona haya. Mpenzi asiyekuwapo anafaa sana, mradi kutokuwapo kwake kubadilishe jambo.

Mwisho wa kitabu ulimsumbua Austen. Rasimu aliyoimaliza Julai 1816 ilimfanya shemeji yake Wentworth, Admirali Croft, amtume akamuulize Anne kama ni kweli anaolewa na binamu yake. Anne anakana, na wanapatana. Austen aliona haifai, akaiandika upya. Kurasa alizozikataa zipo hadi leo katika Maktaba ya Uingereza. Kasoro yake ni kwamba mtu wa tatu ndiye anayewasukuma, na Anne anajibu tu.

Katika toleo jipya, Wentworth ameketi mezani akiandika, huku Anne akibishana na rafiki yake, Kapteni Harville, kuhusu nani hupenda kwa muda mrefu zaidi, mwanamume au mwanamke. Anne anayasema yote aliyoyabeba, kwa mtu mwingine, na Wentworth anasikia. Kalamu yake inaanguka. Kisha anamwachia barua mezani. Kila mmoja ametenda mwenyewe, na hata hapo hawajasemezana. Wanapokutana barabarani dakika chache baadaye, Austen anasimulia maongezi yao kwa muhtasari zaidi kuliko kwa majibizano, na baada ya hapo inabaki sura moja tu, tena fupi.