Makombo ya Mkate: Mstari Unaosema Ukurasa Uko Wapi

Makombo ya mkate ni jina walilolipa wajenzi wa tovuti mstari mfupi wa viungo unaokaa juu ya ukurasa, chini kidogo ya menyu kuu. Kazi yake ni kuonyesha ukurasa huo uko sehemu gani ya tovuti nzima. Huanzia ukurasa wa mwanzo, hupita kwenye kundi kubwa, huingia kundi dogo lililomo ndani yake, na huishia kwenye ukurasa uliofunguliwa. Katika tovuti ya duka la vitabu, msomaji aliyefungua ukurasa wa *Watoto wa Mama N'tilie*, riwaya ya Emmanuel Mbogo, anaweza kukuta juu yake mstari huu:

Mwanzo › Vitabu › Riwaya › Watoto wa Mama N'tilie

Kila jina hapo ni kiungo, isipokuwa la mwisho. Akibonyeza Riwaya, anafunguliwa orodha ya riwaya zote za duka. Akibonyeza Vitabu, anapanda ngazi moja zaidi. Jina la mwisho halibonyezeki kwa sababu ndipo alipo tayari, na kiungo kinachomrudisha mtu palepale aliposimama humfanya adhani tovuti imekwama.

Jina la makombo limetoka katika ngano ya Hansel na Gretel, iliyochapishwa na ndugu Grimm wa Ujerumani mwaka 1812. Watoto wawili wanapelekwa msituni ili waachwe huko, na Hansel anadondosha makombo ya mkate njiani wapate kuyafuata warudi nyumbani. Ndege wanayala yote, na watoto wanapotea. Jina hilo limeshika, lakini linapotosha kwa jambo moja kubwa. Makombo ya Hansel yalionyesha njia aliyopita mtoto. Mstari wa kwenye tovuti hauonyeshi alikopita msomaji. Unaonyesha ukurasa ulipo.

Tofauti hiyo ni sawa na ile iliyopo kati ya safari na anwani. Mtu akisema duka lake liko Dar es Salaam, Ilala, Kariakoo, hasemi alipanda daladala gani kufika huko. Anataja mkoa, kisha wilaya, kisha kata, kutoka eneo kubwa hadi dogo, na maneno hayo hayabadiliki hata kama mteja mmoja ametokea Mbagala na mwingine Kimara. Mstari wa makombo unapaswa kuwa hivyohivyo. Jakob Nielsen, mtaalamu wa matumizi ya tovuti, aliandika mwaka 2007 kwamba mstari huu uonyeshe mpangilio wa tovuti na si historia ya msomaji. Historia inatunzwa tayari na kitufe cha kurudi nyuma kwenye kivinjari. Zaidi ya hayo, wasomaji wengi hawana historia yoyote ndani ya tovuti wanayoisoma. Aliyetumiwa kiungo cha kitabu kwenye WhatsApp ameangukia katikati ya duka bila kupita mlangoni, na mstari huo ndio unaomwambia kwamba kuna chumba kizima cha riwaya pembeni yake.

Kwa upande wa msomaji, mstari huu hujengwa kwa msimbo mfupi. Kwa kuwa viungo vyake vina mpangilio, huwekwa katika orodha yenye mfuatano, na orodha hiyo hufungwa ndani ya sehemu iliyotambulishwa kuwa ni ya kuongoza njia:

```html
<nav aria-label="Makombo ya mkate">
  <ol>
    <li><a href="/">Mwanzo</a></li>
    <li><a href="/vitabu">Vitabu</a></li>
    <li><a href="/vitabu/riwaya">Riwaya</a></li>
    <li aria-current="page">Watoto wa Mama N'tilie</li>
  </ol>
</nav>
```

Maneno `aria-label` na `aria-current` hayaonekani kwenye skrini. Yamewekwa kwa ajili ya msomaji asiyeona, anayetumia programu ya kumsomea ukurasa kwa sauti. Neno la kwanza linamjulisha kwamba ameingia kwenye mstari wa njia, la pili linamjulisha ukurasa gani ndio aliomo. Alama ya › haimo kwenye msimbo huu, na si kwa kusahau. Ikiandikwa kati ya majina, baadhi ya programu hizo huitamka kila inapotokea, na msikilizaji akasumbuliwa na jina la alama baada ya kila neno. Kwa hiyo alama hiyo huongezwa kwa CSS, yaani kwenye maagizo ya mwonekano wa ukurasa.

Mtambo wa kutafuta, kama Google au Bing, hausomi ukurasa kwa macho. Hutuma programu inayofungua kurasa moja baada ya nyingine kwa kufuata viungo, na mstari wa makombo unaipa programu hiyo viungo vya kupanda juu kutoka kila ukurasa. Duka likiwa na riwaya 300, kurasa zote 300 zinaelekeza kwenye orodha ya Riwaya, na orodha zote za aina hiyo zinaelekeza kwenye Vitabu. Kutokana na hapo mtambo unaweza kubaini kurasa zipi ni shina na zipi ni matawi.

Kubaini, hata hivyo, ni kukisia. Ili mtambo usikisie, mpangilio huohuo huandikwa mara ya pili kwa lugha iliyokusudiwa mashine. Msamiati wake unatoka Schema.org, mradi ulioanzishwa mwaka 2011 na Google, Microsoft na Yahoo ili wenye tovuti wawe na namna moja ya kueleza yaliyomo kwenye kurasa zao. Kwa kitabu chetu, maelezo yanakuwa hivi:

```json
{
  "@context": "https://schema.org",
  "@type": "BreadcrumbList",
  "itemListElement": [
    {"@type": "ListItem", "position": 1,
     "name": "Vitabu",
     "item": "https://example.com/vitabu"},
    {"@type": "ListItem", "position": 2,
     "name": "Riwaya",
     "item": "https://example.com/vitabu/riwaya"},
    {"@type": "ListItem", "position": 3,
     "name": "Watoto wa Mama N'tilie"}
  ]
}
```

Kila ngazi ina mambo matatu: `position` ni nafasi yake kwenye mfuatano, `name` ni jina linaloonekana, na `item` ni anwani ya ukurasa wake. Ngazi ya mwisho haina anwani kwa sababu Google huchukua anwani ya ukurasa wenyewe. Ukurasa wa mwanzo nao umeachwa, kwani Google haidai uwemo. Inachodai ni ngazi zisipungue mbili. Maelezo haya huwekwa ndani ya ukurasa katika lebo ya `script` yenye aina ya `application/ld+json`, na msomaji wa kawaida hayaoni kamwe.

Mambo huharibika zaidi pale kitabu kimoja kinapostahili kukaa mahali pawili. *Watoto wa Mama N'tilie* ni riwaya, lakini pia husomwa na wanafunzi wa sekondari Tanzania, kwa hiyo mwenye duka anaweza kukiweka chini ya Riwaya na chini ya Vitabu vya Sekondari. Tuseme mwezi wa Desemba anaongeza kundi la tatu, Punguzo la Sikukuu, na kitabu hichohicho anakitia humo. Sasa programu inayoendesha tovuti ina makundi matatu na mstari mmoja wa kujaza. Asipoiambia lipi ndilo kundi kuu, itachagua yenyewe, na huenda ikachukua Punguzo la Sikukuu. Januari inapofika, mwenye duka anafuta kundi hilo. Ikiwa mstari umebaki ulivyokuwa, kila anayebonyeza jina hilo anapata ukurasa wa kosa namba 404, na mtambo wa kutafuta nao unagonga ukuta uleule.

Dawa yake ni kuamua mapema kundi moja la kudumu kwa kila kitabu na kuliandika kuwa kuu. Hapa Riwaya linafaa, maana kitabu kitabaki riwaya hata mtaala ukibadilika. Makundi ya msimu yaendelee kuwa na orodha zake, lakini yasiingie kwenye mstari. Mwenye duka akiona Vitabu vya Sekondari nalo lina uzito, Google inaruhusu ukurasa mmoja kuwa na orodha mbili za `BreadcrumbList`, kila moja ikiwa na njia yake. Wala njia hizo si lazima zifuate anwani ya ukurasa neno kwa neno. Ushauri wa Google ni kwamba zifuate njia ambayo msomaji wa kawaida angeipita kufika hapo.

Kosa la pili ni la kimyakimya zaidi. Mwenye duka anabadili jina la kundi kutoka Riwaya kuwa Hadithi na Riwaya. Mstari wa juu ya ukurasa unabadilika mara moja kwa kuwa unachukua jina hilo kwenye hifadhidata, lakini maelezo ya mashine, yaliyoandikwa kwa mkono mwaka uliopita, yanabaki na jina la zamani. Msomaji anaona jambo moja na mtambo unaambiwa jingine. Google hutaka maelezo ya aina hii yaeleze kinachoonekana kwenye ukurasa. Njia salama ni kuyafanya yote mawili yatoke chanzo kimoja, ili likibadilishwa jina yabadilike pamoja.

Kuna vipimo viwili vya bure. Cha kwanza ni Rich Results Test ya Google: mtu anabandika anwani ya ukurasa, na baada ya muda mfupi anaonyeshwa ngazi zilizosomwa na upungufu uliopo, kama `name` au `position` kukosekana. Cha pili ni Search Console, ambako mwenye tovuti anapata ripoti ya kurasa zake kwa jumla badala ya ukurasa mmoja mmoja. Vipimo hivi vinakagua kama maelezo yameandikwa sawasawa. Havijui kama Punguzo la Sikukuu ni mahali pa kijinga pa kuweka riwaya. Hilo linahitaji mtu afungue kurasa chache, abonyeze kila jina kwenye mstari, na atazame anapopelekwa. Na maelezo yakiwa sahihi kabisa, bado Google haitoi ahadi ya kuyaonyesha.

Google ilianza kuonyesha mistari hii kwenye matokeo ya utafutaji mwaka 2009, ikachukua nafasi ya anwani ndefu zisizosomeka kwa urahisi. Januari 2025 iliiondoa kwenye matokeo ya simu, ikieleza kwamba kwenye skrini ndogo ilikuwa ikikatwa. Tangu hapo anayetafuta kwa simu huona jina la tovuti tu, na mstari unabaki kwenye matokeo ya kompyuta. Kwa msomaji wa simu, basi, mahali pa kujua kitabu kiko chumba gani ni juu ya ukurasa wenyewe, katika mstari ambao mwenye duka ameuandika au ameusahau.