Alama 51½ kati ya 80: Kutoka Jumla ya Karatasi hadi Gredi

Kwenye jalada la Karatasi ya Pili ya Kiswahili ya mtihani wa KCSE nchini Kenya, ile yenye nambari 102/2, huwa kuna jedwali dogo lililotengewa mtahini. Lina safu tatu: Swali, Upeo na Alama. Swali la kwanza ni Ufahamu, upeo wake alama 15. La pili ni Ufupisho, alama 15. La tatu ni Matumizi ya Lugha, alama 40, na la nne ni Isimujamii, alama 10. Chini kabisa kuna Jumla, alama 80. Walimu wengi huufuata mpangilio huohuo katika mitihani ya shuleni, na hapo ndipo hesabu ya gredi huanzia.

Upeo wa 80 ndio unaowakanganya wazazi na wanafunzi. Aliyepata 52 hudhani amepata asilimia 52, kumbe amepata 65. Lakini kabla ya kufika kwenye asilimia, jumla yenyewe lazima iwe sahihi, na makosa mengi hutokea hapo, wala si kwenye kugawanya.

Tuseme mwanafunzi mmoja wa Kidato cha Nne amesahihishiwa karatasi yake. Katika Ufahamu amepata 9½. Ile nusu imetokana na adhabu: mwongozo wa kusahihisha huruhusu kumwondolea mtahiniwa nusu alama kwa kosa la sarufi au la tahajia, hadi kiwango fulani. Katika Ufupisho amepata 8, katika Matumizi ya Lugha 27, na katika Isimujamii 7.

Sehemu ya kuangaliwa kwa makini zaidi ni Matumizi ya Lugha. Ina vipengele vingi vya alama moja, mbili, tatu au nne, vilivyotawanyika katika kurasa kadhaa. Mtahini mzoefu hajumlishi kipengele kimoja baada ya kingine tangu mwanzo hadi mwisho. Hujumlisha kila ukurasa kivyake, akaandika jumla ndogo chini yake na kuizungushia duara, kisha akajumlisha zile jumla ndogo. Kwa mwanafunzi huyu ukurasa wa kwanza una 11, wa pili 9 na wa tatu 7, ndipo inapopatikana 27. Duara hilo lina kazi yake: bila duara, anayejumlisha kwa haraka anaweza kuihesabu 11 ile kana kwamba ni alama ya kipengele, na ukurasa mzima ukahesabiwa mara mbili.

Baada ya hapo alama huhamishiwa kwenye jedwali la jalada, na kila moja hulinganishwa na upeo wa swali lake. Ikiandikwa 17 kwenye Ufahamu, kosa linajulikana papo hapo kwa sababu upeo ni 15. Jumla ya karatasi hii ni 9½ na 8, yaani 17½. Ukiongeza 27 inakuwa 44½. Ukiongeza 7 inakuwa 51½.

Njia nzuri ya kuhakiki jumla hii ni kuhesabu alama zilizopotea. Kurudia hesabu ileile mara ya pili hakusaidii sana, maana jicho hupita palepale lilipopita mwanzo. Katika Ufahamu mwanafunzi amepoteza 5½, katika Ufupisho 7, katika Matumizi ya Lugha 13, na katika Isimujamii 3. Jumla ya zilizopotea ni 28½. Themanini ukitoa 28½ unabaki na 51½. Hesabu mbili za njia tofauti zikikubaliana, ni vigumu jumla hiyo iwe na kosa.

Zisipokubaliana, tofauti yenyewe mara nyingi humwonyesha mwalimu pa kutazama. Tofauti ikiwa nusu, kuna nusu alama iliyoachwa njiani. Ikiwa 7, yaani sawasawa na alama ya Isimujamii, huenda sehemu hiyo ya mwisho haikujumlishwa. Na jumla iliyo kwenye karatasi ikipishana na iliyo kwenye orodha ya darasa kwa 9, 18 au 27, yaani idadi inayogawanyika kwa 9, inafaa kushuku kwamba tarakimu zimegeuzwa wakati wa kunakili: 54 imeandikwa 45, au 64 imeandikwa 46. Wahasibu wanaijua sana dalili hii, na inawafaa walimu vilevile.

Jumla ikishahakikiwa, kuigeuza asilimia ni hatua moja tu: alama zilizopatikana hugawanywa kwa upeo, kisha jawabu huzidishwa kwa 100. Kwa karatasi hii ni 51.5 kugawanya kwa 80, mara 100, nayo inatoa 64.375.

Sasa inakuja gredi. Gredi za KCSE ni 12, kuanzia A hadi E, zikiwemo zenye alama ya kujumlisha na ya kutoa. Mipaka ya gredi za mtihani wa kitaifa huwekwa na baraza la mitihani lenyewe, na jedwali la shule haliwezi kudai kuitabiri. Kwa mitihani ya ndani, jedwali moja linalotumika katika shule nyingi huipa A asilimia 80 kwenda juu, kisha hushuka kwa tano tano: A- huanzia 75, B+ 70, B 65, B- 60, C+ 55, na kuendelea hivyo hadi D- inayoanzia 30. Chini ya hapo ni E. Kwa jedwali hilo, 64.375 ni B-.

Hapa ndipo mahali pa kukadiria panapoonyesha uzito wake. Mwalimu asiyependa nusu anaweza kuiandika 9½ ya Ufahamu kuwa 10 tangu kwenye jalada. Jumla inakuwa 52, asilimia inakuwa 65 kamili, na mwanafunzi anapata B. Nusu alama iliyokadiriwa mapema imempandisha gredi nzima. Akikadiria mwishoni tu, 64.375 inakuwa 64, na gredi inabaki B-. Kukadiria, basi, hufanywa mara moja, baada ya asilimia kupatikana.

Hata hivyo liko swali ambalo jedwali lenyewe halilijibu. Mipaka imeandikwa kwa nambari kamili: 60 hadi 64 ni B-, 65 hadi 69 ni B. Je, aliyepata 64.5 yuko wapi? Shule inayokadiria hadi nambari kamili iliyo karibu itampa 65, na gredi B. Shule inayosema kwamba B huanzia 65 na hakuna kukadiria itampa B-. Zote mbili zina hoja. Kisichofaa ni kuamua baada ya kuona jina la mwanafunzi. Kanuni huwekwa kabla ya karatasi kusahihishwa, na hutumika kwa darasa zima.

Kosa jingine linalorudiarudia ni kutafuta asilimia ya kila sehemu kisha kuchukua wastani. Mwanafunzi wetu ana asilimia 63.3 katika Ufahamu, 53.3 katika Ufupisho, 67.5 katika Matumizi ya Lugha na 70 katika Isimujamii. Wastani wa hizo nne ni takriban 63.5, wala si 64.375. Tofauti inaonekana ndogo, lakini imezaliwa na dhuluma ya wazi: Isimujamii yenye alama 10 imepewa uzito sawa na Matumizi ya Lugha yenye alama 40.

Dhuluma hiyo huonekana zaidi karatasi zote tatu za Kiswahili zinapounganishwa. Karatasi ya Kwanza, Insha, ina alama 40, kwa insha mbili za alama 20 kila moja. Ya Pili ina 80, na ya Tatu, Fasihi, ina 80, kwa maswali manne ya alama 20. Upeo wa somo zima ni 200. Tuseme mwanafunzi yuleyule amepata 30 katika Insha, 51½ katika Karatasi ya Pili, na katika Fasihi amepata 14, 12, 11 na 9, yaani 46. Jumla ni 127½ kati ya 200. Kwa kuwa upeo ni 200, kugawanya kwa mbili kunatosha: asilimia 63.75, inayokadiriwa kuwa 64, na gredi ni B-.

Mwalimu anayechukua wastani wa asilimia atapata jawabu jingine. Insha ni asilimia 75, Karatasi ya Pili 64.375, Fasihi 57.5. Wastani wake ni 65.625, yaani 66, na gredi inakuwa B. Insha ambayo ni moja ya tano ya somo imehesabiwa kama theluthi, na kwa kuwa mwanafunzi huyu ana mkono mzuri wa insha, amepanda. Mwenzake aliye hodari wa Fasihi na dhaifu wa Insha angeshushwa kwa njia hiyohiyo.

Fasihi ina mtego wake pia. Mtahiniwa hutakiwa kujibu maswali manne, lakini wapo wanaojibu matano. Yule mwanafunzi angejibu la tano na kupata 10, jumla ya yote ingekuwa 56. Idadi hiyo haizidi 80, kwa hiyo kulinganisha na upeo hakungefichua lolote. Dawa ni kuhesabu kwanza maswali yaliyojibiwa, kisha ndipo alama zijumlishwe. La kuachwa huamuliwa kwa mwongozo wa kusahihisha.

Siku hizi hesabu hii hufanywa kwenye lahajedwali. Alama za sehemu nne zikiwa kwenye safu za B hadi E, jumla na asilimia hupatikana hivi:

```
F2:  =SUM(B2:E2)
G2:  =ROUND(F2/80*100,0)
```

Programu haikosei kujumlisha, ila huruka kimyakimya kisichokuwa nambari. Mwalimu akiandika 9½ kwa alama ile ya nusu, kisanduku huchukuliwa kuwa maandishi, na SUM hutoa 42 badala ya 51.5. Asilimia huporomoka hadi 53. Kwa hiyo nusu huandikwa 9.5. Dalili ya kosa hili ni rahisi kuitambua: maandishi kwa kawaida hujipanga upande wa kushoto wa kisanduku, na nambari upande wa kulia.

Asilimia haisomeki pasipo jedwali lake. Kwa mipaka inayotumiwa na Baraza la Mitihani la Tanzania katika Kidato cha Nne, A huanzia 75, B 65, C 45 na D 30. Chini ya hapo ni F. Asilimia 64 iliyo B- katika shule ya Kenya ni C kwa jedwali hilo. Mwanafunzi anayehama kuvuka mpaka aende na asilimia zake pamoja na gredi, ili shule mpya isomee jedwali lake yenyewe.

Anayebaki ni mwanafunzi aliyekosa karatasi moja, labda kwa ugonjwa. Kumwandikia sifuri katika Insha ni kusema aliandika akakosa yote. Jumla yake inakuwa 97½ kati ya 200, asilimia 48.75, ambayo ikikadiriwa ni 49, yaani C-. Kugawanya 97½ kwa 160 za karatasi alizofanya kunatoa asilimia 60.9, yaani B-, lakini hiyo si asilimia ya somo zima, na haiwezi kupangwa pamoja na za wenzake. Njia iliyo wazi ni kuweka alama ya kutokuwepo mahali pa Insha, kuandika alama za karatasi mbili alizofanya, na kuacha nafasi ya gredi wazi hadi atakapofanya mtihani uliobaki.