Mabaharia: dola 1,150 kwa mwezi, lakini konje imo ndani au iko nje?

Kwenye bandari ya Kalundu, Uvira, kazi ya meli inajulikana sana. Lakini mkataba wa meli ya baharini hausomwi kama wa boti za Ziwa Tanganyika. Mapatano ya kimataifa ya kazi za mabaharia ya mwaka 2006 hayahusu vyombo vinavyotembea kwenye maji ya ndani tu. Kwa kazi za ziwani huku Kongo, sheria ya kazi ya mwaka 2002, inayoweka masaa 45 kwa juma, inatumika pale tu kanuni za mabaharia hao au mkataba wao unapoitaja wazi.

Tuchukue mfano wa baharia aliyepewa mkataba wa bahari wenye tarakimu moja tu: dola 1,150 kwa mwezi. Pesa hiyo ina vipande vitatu.

Cha kwanza ni mshahara wa msingi. Kwa mwaka 2025, Shirika la Kazi Duniani lilipendekeza baharia mwenye ujuzi asipate chini ya dola 673. Pesa hizo ni za masaa 208, yaani masaa 48 kwa juma.

Cha pili ni masaa ya nyongeza yaliyohakikishwa. Mikataba mingi inaweka 103 au 104 kwa mwezi. Ukigawa 673 kwa 208 unapata dola 3.24 kwa saa. Kwa kuwa saa ya nyongeza inapanda angalau kwa robo, inakuwa dola 4.04. Masaa 104 yanafanya dola 420, na zinalipwa hata kama kazi ilikuwa chache.

Cha tatu ni malipo ya konje. Kila mwezi wa kazi unaleta siku mbili na nusu, sawa na dola 56 hivi.

Jumla ni dola 1,149. Maana yake konje tayari imo ndani ya zile 1,150. Baharia huyo akishuka baada ya miezi tisa, hatakuta pesa nyingine ya konje ikimngoja. Ila kama mkataba unasema konje inalipwa mwishoni, anadai karibu dola 505.

Shida nyingine inafichwa kwenye masaa. Akifanya masaa 140 ya nyongeza, yale 36 yaliyopita 104 yanapaswa kulipwa pembeni, karibu dola 145. Lakini mkataba ukisema tu kwamba nyongeza zote zimo ndani, bila kutaja idadi ya masaa wala bei ya saa, hana pa kushikia.

Ushahidi wake ni karatasi mbili: hesabu ya malipo ya kila mwezi, na daftari la masaa ya kazi na mapumziko ambalo anatia sahihi na kupewa nakala. Akitia sahihi kwenye masaa yasiyo ya kweli, ameyapoteza yale 36 kwa mkono wake mwenyewe.